Kidoa cha Benta

Mzee Ondiek aliingia studio ya Hikma pale Kware na simu mkononi. Alitaka picha ya marehemu mkewe, Benta, ichapishwe kubwa ya kutundika ukutani. Hakuwa na nyingine.

Hikma aliikuza kwenye kompyuta. Uso ulikuwa viraka vya miraba, na kingo za macho zimevurugika.

"Mzee, umekuwa ukiirekebisha?"

"Kila Jumapili," alijibu kwa fahari. Kanisa likiisha, aliifungua, akamwongezea mwanga kidogo apendeze, akaihifadhi juu ya ileile. Mapenzi ni upofu, husema watu; ya Ondiek yalikuwa na kidole pia.

"Kuitazama hakuidhuru, wala kuinakili," Hikma alisema polepole. "Lakini picha ya JPEG ukiibadilisha na kuihifadhi, inabanwa upya, na kila ikibanwa inatupa vitu vidogovidogo visivyorudi. Ile ya kwanza huwa haiguswi, Mzee. Unaiweka kando, unachezea nakala."

"Basi nirudishie ya kwanza."

"Haipo. Kila ulipohifadhi, uliifunika."

Ondiek aliinamia kioo cha kompyuta. Benta alikuwa na kidoa cheusi shavuni, alichozoea kukigusa akicheka. Alikitafuta kwenye shavu la kulia, akakitafuta kwenye la kushoto. Kote kulikuwa na ukungu uleule. Akafumba macho ajaribu kukumbuka, na humo ndani pia akakuta picha hiihii.

"Kilikuwa upande gani?" alimwuliza Hikma, ambaye hakuwahi kumwona Benta maishani mwake.