Mh ya Mama Uwizeye

Mwaka 2009 nilikuwa Mbarara, Uganda, kazi yangu kusikiliza kanda na kuchapa yaliyosemwa. Shirika letu la kusaidia wakimbizi lilikuwa dogo, chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro, na bosi wetu, Kabera, alikuwa na tabia ya kula karanga juu ya kibodi yangu. Maganda yalinata kwenye herufi kwa mate yake. Mpaka leo nikimkumbuka mtu huyo, kinyaa changu huanzia kwenye maganda hayo.

Kabera mwenyewe ndiye aliyekwenda kambini Nakivale kuhoji watu, kwa Kiswahili chake alichokiokota jeshini, kisha ananiletea kanda. Mimi, Perpétue, nilitoka Uvira mwaka 1996 nikiwa msichana, kwa hiyo alinichukua kwa sababu nilielewa Wakongo. Angalau ndivyo alivyosema.

Siku moja akaleta kanda ya Nyirabizimana, mjane kutoka milima ya juu ya Uvira. Mumewe, Yonatani, alikuwa amekufa. Mama huyo alikuwa anaomba kadi yake mwenyewe ya mgao wa kambini na kiwanja chake, yeye na binti yake Uwizeye wa miaka kumi na mitano. Shemeji yake, Nehemiya, ndugu wa marehemu, alitaka wote wawili wabaki kwenye kadi yake na katika boma lake. Karatasi nitakayochapa, ikisomwa na Wazungu wa ofisi ya wakimbizi, ndiyo ingeamua. Na Kabera, kwa akili zake, alikuwa amemruhusu Nehemiya akae palepale wakati mama anahojiwa, eti ndiye mkubwa wa familia.

"Huyu Nehemiya natunza nyinyi muzuri?" Kabera aliuliza kwenye kanda.

"Mh," mama akajibu. "Eeeh. Anatutunza. Ni mutu muzuuuri."

Ukiyasoma hivyo utadhani anamsifu. Nilirudisha kanda mara tatu. Mmh ya kukubali hutoka kifuani, inashuka polepole, ina joto. Hii ilikuwa fupi, midomo imefumbwa, imetoka puani na kukatwa, kama mtu aliyenusa maziwa yaliyoharibika. Eeeh yake haikupanda kama ya mtu anayeshangaa, wala haikushuka kama ya mtu aliyeridhika. Aliivuta palepale ilipo, bapa, mpaka pumzi ikamwishia. Na ile muzuuuri! Anayesifu kwa moyo, sauti yake hupanda kwenye uuu. Ya huyu mama ilididimia mpaka nikadhani betri zimeisha.

"Na toto? Toto nafurahi pale?"

"Aaah..." Ilianza juu ikaporomoka, mwisho wake pumzi tupu. Ni aah ya mtu aliyekata tamaa. "Mutoto ni wao." Yaani wa ukoo wa mumewe, si wake yeye.

Kwetu sisi wa kule, iwe bondeni au milimani, mke hamsemi shemeji yake vibaya mbele ya wageni. Anayemsema vibaya amemvua nguo marehemu na watoto pia. Basi mdomo unatoa sifa, na sauti inatoa ukweli. Kila mwanamke aliyeko pale anaelewa, na hakuna atakayeweza kumshika kwa neno hata moja. Kabera alikuwa amekaa miaka mitatu kati yetu na hilo hakulijua.

Nilichapa kila sauti, na pembeni nikaeleza: hapa amekata puani, hapa amevuta bila kupandisha. Kabera alisoma, akatafuna, akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, hii mmh mmh ni nini? Wazungu hawasomi mmh. Mimi nataka maneno. Hii kelele yote, toa."

"Bosi, katika hiyo kelele ndiyo anasema anateseka."

"Amesema wapi? Nionyeshe neno."

Akaegemea kiti, akanipulizia harufu ya karanga, akangoja. Na mimi nikafuta. Kompyuta ikaniambia sauti arobaini na moja zimeondoka. Ukurasa ukabaki msafi: Anatutunza. Ni mtu mzuri. Mtoto ni wao. Nilijichukia sana, lakini nilifuta.

Desturi ilikuwa kumsomea mtu maneno yake kabla hajatia dole gumba. Wiki iliyofuata tukaenda Nakivale. Tuliwekewa meza chini ya turubai, wanawake kama ishirini wanangoja zamu yao kwenye mabenchi. Nyirabizimana alikaa mbele yangu, kajifunika kitenge mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Uwizeye alisimama nyuma yake. Nehemiya alikuja amevaa koti, fimbo yake ya ng'ombe mkononi, anatabasamu kila upande kama bwana harusi.

Nikasoma. Nilisoma kama ilivyoandikwa, kavu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Ule si mimi nilisema."

"Neno gani si lako?" Kabera akauliza.

"Maneno yote ni yangu."

"Sasa?"

"Si mimi nilisema vile."

Nehemiya akacheka, akamwambia Kabera kwamba wanawake ndivyo walivyo. Kabera naye akacheka, akasukuma kidau cha wino. Niliwatazama wanavyochekeana, meno nje. Nikachukua ile karatasi nikasoma upya, bila kuiangalia, kama alivyosema yeye.

"Mh. Eeeh. Anatutunza. Ni mutu muzuuuri."

Mabenchi yote yalisikia. Mwanamke mmoja akafyonza meno, msyuuu ndefu. Mwingine akasema "Wee!" kwa sauti ya chini. Bibi mmoja akaanza "Mm-mm-mm," akitikisa kichwa, ile ya msibani. Nehemiya akaacha kutabasamu, kwa maana yeye alielewa kila kitu. Hata siku ile ya kanda alikuwa ameelewa. Alijua tu kwamba hayataandikwa.

"Perpétue, umelewa?" Kabera akapiga meza. Akamgeukia mama. "Nyabo, mimi siandiki nyimbo. Kama huyu mtu ni mbaya, sema. Amefanya nini? Sema kwa maneno, ama weka kidole."

"Bosi, mutoe kwanza huyu," nikasema, nikimwonyesha Nehemiya.

"Mimi sitoi mtu. Yeye aseme."

Mama akanitazama mimi, si Kabera. Nilikuwa nimelifungua jambo mbele ya watu wote, na sasa hapakuwa na pa kurudi. Alikuwa na dole gumba na alikuwa na mdomo, hakuna kingine.

Akasimama. Akageuka, akashusha kitenge mgongoni.

"Ananipiga na ile fimbo," alisema, na sauti yake ilikuwa haina kitu ndani. "Tangu Yonatani akufe. Mutoto amekwisha kumupatia mwanaume wa Kikagate. Watamuchukua mwezi hii. Andika."

Uwizeye alijifunika uso kwa mikono miwili. Wanawake wote wakatazama chini. Nehemiya akaondoka bila kuaga.

"Eh, sasa!" Kabera akasema, amefurahi kabisa, akichukua kalamu. "Hii ndiyo maneno. Fimbo ya namna gani? Kubwa? Geuka kidogo, nihesabu hizi alama."

Akazihesabu. Kwa ncha ya kalamu, moja moja, na mama amesimama vilevile mbele ya watu ishirini.

Kadi ilitoka baada ya mwezi, ya wao wawili tu, na kiwanja upande wa pili wa kambi. Uwizeye hakupelekwa kuolewa Kikagate. Kabera alisifiwa kwa mahojiano mazuri.

Mwaka uliofuata nilimkuta Nyirabizimana kwenye bomba la maji kambini, anajaza dumu. Nikakimbilia kumsalimu.

"Mama Uwizeye! Habari ya siku mingi? Muko muzuri?"

Hakuinua kichwa.

"Tuko muzuri," akasema.

Niliisikiliza ile sauti kama nilivyosikiliza kanda, tangu mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta hata kipande kidogo cha mmh, hasira, chochote. Alinipa maneno tu.