Swali la Kumi Halikuandikwa

Mtihani alioletewa Awino ulikuwa na maswali kumi, na mtu angeweza kuyajibu yote huku anasinzia. La kwanza: Je, ni muhimu kunawa mikono kwa sabuni? Ndiyo au hapana. La pili: Je, maji machafu yanaweza kuleta magonjwa? Ndiyo au hapana. Aliyasoma mpaka la kumi, akatafuta walau moja ambalo jibu lake lilikuwa hapana, akalikosa, akasonya.

Kwa miaka tisa Awino alikuwa afisa wa afya ya jamii katika zahanati moja nje kidogo ya Rodi Kopany. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia wahudumu wa vijijini, wale wanaotembea nyumba hadi nyumba na mkoba mgongoni wakiuliza nani anaumwa na choo kiko wapi. Jumanne na Jumatano ishirini na wanne kati yao wangekuja kwenye ukumbi wa kanisa la Wasabato kujifunza upya kunawa mikono na kutunza maji ya kunywa, kisha wapimwe kwa mtihani mfupi. Mwaka uliotangulia walipimwa kwa huu huu wa ndiyo na hapana, wakapata asilimia tisini na nane. Watu wakapiga makofi. Wiki tatu baadaye watoto kumi na mmoja waliletwa zahanati kwa kuhara, na wawili walitoka katika nyumba za wahudumu wenyewe. Awino ndiye aliyewashika miguu wakitafutiwa mishipa. Tangu hapo hakuiamini tena tisini na nane.

Basi akauchana mtihani ule vipande viwili na kuketi kuandika wake.

Haikuwa kazi ya saa moja. Alifungua daftari lake la ziara za nyumbani, akaanza kutafuta makosa, kwa sababu jibu la uongo likiwa la kijinga hakuna anayelichagua, na swali linakuwa bure. Alitaka majibu ya uongo ambayo watu wazima wenye akili zao huyafanya kila siku. Akaandika: Mama amechota maji ya bwawa la silanga, yana rangi ya chai ya maziwa. Ana dumu la lita ishirini na chupa ya dawa ya maji. Afanye nini? La kwanza, atie kifuniko kimoja, atikise, watoto wanywe. La pili, ayachuje kwa kitambaa safi, atie vifuniko viwili, asubiri nusu saa. La tatu, ayaache yatulie mpaka tope lishuke, anywe ya juu. Hilo la kwanza alilitoa kwa jirani yake. Hilo la tatu alilitoa kwa mama yake mzazi.

Akaandika la maji yaliyochemshwa vizuri kisha yakamiminwa kwenye mtungi ambao haujaoshwa. Akaandika la kikombe kinachozamishwa mtungini pamoja na vidole. Akaandika la mama aliyembadilisha mtoto nepi akarudi kukanda unga. Alipofika la tisa alimwita Willis, mhudumu wa Lambwe aliyekuwa amekuja kuchukua dawa, akamwambia ayajaribu. Willis alipata yote tisa kwa dakika nne.

"Umejuaje?" Awino akamuuliza.

"Madam, si nimechagua tu ile refu? Ile refu ndio huwa ya ukweli."

Awino alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akachukua kalamu na kuyafupisha majibu ya kweli, akayarefusha ya uongo, akayachanganya ili la kweli lisikae mahali pamoja. Willis alipoyarudia baada ya chai, alipata matano.

"Sasa hii ni mtihani," Willis akasema, bila furaha.

Bwana Onsongo hakuona hivyo. Onsongo ndiye aliyekuwa mratibu wa mafunzo hayo, mtu wa Kisii aliyehamishiwa huku, shati limepigwa pasi hata siku za mvua, na kila mtu alimwita daktari. Yeye hakujua Kijaluo, Awino hakujua Kikisii, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili.

"Madam Awino, hii umeandika ni mtego," alisema Jumatatu, ameshika karatasi kwa ncha za vidole. "Watu wataanguka. Ripoti yangu itasema nini?"

"Itasema walianguka, daktari."

"Na hapa chini naona swali la kumi umeacha wazi."

"La kumi haliandikwi. Litafanyika saa ya chakula."

"Saa ya chakula ni ya chakula. Tumia ile karatasi nilikupatia. Wiki ijayo mafunzo haya yanaenda Ntimaru, na mimi ndiye naandika nani ataenda kufundisha. Unanielewa?"

Awino alimwelewa sana. Kwenda Ntimaru kulikuwa ni kupanda ngazi, kutoka kuwa msimamizi wa kata moja hadi kuwa mkufunzi anayeitwa kaunti nyingine. Alikuwa ameingojea nafasi hiyo tangu mwaka wake wa tatu. Usiku kucha angeweza kuiwaza, lakini hakuiwaza. Alienda akachapisha nakala ishirini na nne za mtihani wake.

Jumanne ukumbi ulijaa. Asubuhi walifundishana, wakasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, sekunde ishirini bila kuiba hata moja. Saa tano Awino akagawa karatasi. Dakika ya kumi mtu akaguna, mwingine akafuta, na Mama Achieng, mkongwe wao aliyeanza kazi hii kabla hawajapewa hata mikoba, akavua miwani na kumtazama Awino kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa.

Wastani ulikuwa matano kwa tisa. Onsongo, aliyeketi mbele na kikokotoo, alikokotoa mara tatu akitumaini kitabadilisha nia.

"Hii haiendi popote," alinong'ona. "Baada ya chakula watafanya ile ya ofisi."

"Chakula kwanza, daktari. Karibu."

Chakula kilikuwa ugali, samaki wa kukaanga na sukuma wiki. Hapa ndipo Awino alipokuwa amelificha swali lake la kumi. Alikuwa amemwambia Nyanchoka, mpishi, afanye vile anavyofanya siku zote wageni wakija, asibadilishe kitu, ila kipande cha sabuni kikae kwenye kisahani juu ya sinia, wazi, mbele ya macho ya kila mtu. Nyanchoka akapita na jagi na beseni, amepiga goti kidogo kwa kila mtu kama alivyofunzwa na mama yake. Akamwagia maji ya uvuguvugu. Watu wakasugua sugua, wakakung'uta, wakasema asante. Onsongo akasugua ncha za vidole. Mama Achieng akasugua, akaomba, akamega ugali. Sabuni ilizunguka ukumbi mzima juu ya sinia, ikarudi jikoni imekauka.

Awino hakula. Alisimama mlangoni na daftari, na kadiri sinia lilivyosogea ndivyo hasira ilivyompanda, si kwao peke yao. Nyumbani kwake mambo yalikuwa hivi hivi. Aliyagundua siku moja tu mwezi uliopita, mkono wake ukiwa tayari kwenye ugali, akashtuka na kuona aibu peke yake jikoni.

Miiba ilipobaki peke yake sahanini, ukumbi ukaanza kuita. "Nyanchoka, leta sabuni! Samaki ananuka hapa." "Sabuni, mama, na maji ya moto." Sabuni ikaja, na sasa watu wakasugua kweli, hata kucha, hata viwiko.

"Swali la kumi," Awino akasema kwa sauti. "Sabuni inakuja kabla ya kula au baada ya kula?"

"Kabla!" wakajibu pamoja, kama darasa.

"Basi mbona mmeiita sasa?"

Willis aliitazama mikono yake iliyojaa povu.

"Mlikuwa mnaosha harufu," Awino akaendelea. "Samaki akishaliwa ndio tunakumbuka sabuni, kwa sababu hatutaki kunuka mbele za watu. Mavi ya asubuhi tumeyala na ugali. Nyinyi ndio mnaenda kufundisha kina mama huko. Watu ishirini na wanne, sifuri ishirini na nne. Na daktari Onsongo, sifuri. Wa ishirini na tano."

Onsongo alisimama, maji yakimdondoka. "Umetuaibisha mezani! Hiyo ni desturi, si somo. Mgeni hapewi sabuni kabla ya chakula kama mtu mchafu." Akazitoa karatasi za ofisi kwenye bahasha. "Kila mtu ajaze hii, tumalize. Ile nyingine itupwe."

Awino alijua jina lake la Ntimaru lilikuwa linaondoka pale pale. Alikunja mikono kifuani. "Karatasi zangu hazitupwi. Alama ni hizo hizo. Nitaziandika kwenye ripoti kwa mkono wangu na nitatia sahihi."

"Basi Ntimaru sahau."

"Nimesahau, daktari."

Bahasha ilifika kwa Mama Achieng kwanza. Aliitazama karatasi ya ndiyo na hapana, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Kisha akaivuta miwani puani na kuirudisha karatasi bahashani.

"Mimi nimepata matatu kwa tisa, na sifuri kwa chakula," alisema. "Nimekasirika sana na huyu mtoto Awino. Lakini mjukuu wangu alikuwa kati ya wale kumi na mmoja. Hii yako, daktari, niliijaza mwaka jana nikapata kumi. Ilinisaidia nini? Sijazi."

"Sijazi," akasema Willis.

Bahasha ilizunguka ukumbi kama sabuni ilivyozunguka, na ikarudi haijaguswa.

Jumatano walirudia yote. Awino aliwapa maswali mapya ya namna ile ile, wakapata wastani wa saba na nusu, na hakuna aliyepiga makofi. Saa saba Nyanchoka akaja na jagi. Onsongo alikuwa wa kwanza kwenye safu. Akanyoosha vidole, akamwagiwa, akakung'uta, akageukia ugali. Lakini hakuna mwingine aliyesogea. Watu ishirini na wanne walisimama na mikono mitupu, wakimtazama, na chakula kinapoa. Mama Achieng alinyanyua kisahani cha sabuni na kukishika mbele ya kifua cha mratibu, akangoja.

Onsongo alinawa. Willis alimhesabia kwa Kijaluo, polepole mno, hadi ishirini.

Jina la Awino lilifutwa kweli. Jumatatu iliyofuata gari la mafunzo lilipita Rodi likielekea Ntimaru bila yeye, na alilitazama likipita, na iliuma. Alichofanya ni kumtumia Nchagwa, msimamizi mwenzake wa Ntimaru, picha za maswali yote tisa na maelezo ya la kumi, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Nchagwa alipiga simu siku ya pili, saa ya chakula. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi wakibishana kwa Kikuria.

"Dada, hapa ni vita," alisema. "La kumi wote wamepata sifuri. Kuanzia mimi."

"Na daktari Onsongo?"

"Yeye ndiye peke yake amepata. Alidai sabuni kabla hajakaa. Sasa anasema karatasi za ofisi zitupwe."

Awino aliishika simu kwa mikono miwili.

"Usimpe nafasi ya kupumzika," alisema. "Kesho mpime tena."