Tundu la Saba

Miaka thelathini na mbili nimekaa nyuma ya kaunta ya spea, na mtu akinionyesha chuma kilichovunjika, nakitaja kabla hajamaliza kusalimia. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Siku hiyo mteja wetu wa mbali, mama mmoja mkulima wa mpunga, alituma picha kwa simu: kava ya gia ya pawatila yake, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, imepasuka. Maji yalishaingia shambani, miche ilishaanza kuzeeka kitaluni, na basi la kwao huondoka saa sita, mara mbili tu kwa wiki. Nikimtumia isiyo yenyewe, msimu wake umekwisha.

Namba zilizoinuka kwenye chuma hazikusomeka kwa kutu. Nikamwambia asugue kwa brashi ya waya, apitishe chaki juu yake, apige picha tena. Picha ya pili ilikuja na namba nyeupe pee. Nikapanda ngazi, nikashusha kava yenye namba ileile, tarakimu kwa tarakimu, nikaifunga kwa gazeti na utepe.

Binti yangu, aliyetoka chuo cha ufundi mwaka huo, alikuwa bado anaikodolea macho ile picha.

"Baba, fungua."

"Nifungue nini? Namba si ndiyo hiyo?"

"Hiyo ni namba ya kalibu tu. Kalibu moja inatoa kava nyingi, halafu kiwandani zinatobolewa tofauti. Hesabu matundu ya boliti."

"Wewe umezaliwa umenikuta na hizi kava!"

"Shikamoo basi, baba. Hesabu."

Kwenye picha, saba. Nikachana gazeti: sita. Pale pa saba palikuwa na kinundu kizima, hakijaguswa na keekee.

Nikiwa bado naokota vipande vya gazeti, yeye alishampigia mteja. "Mama, beringi inayokaa kwenye hiyo kava, nisomee namba ya ubavuni." Akasomewa: 6206. Binti yangu akachukua beringi ya namba hiyo, akaijaribu kwenye kava yangu, ikagoma kabisa. Akapekua rafu ya chini, akaibuka na kava nyingine, namba ya kalibu ileile, matundu saba. Beringi ikakaa barabara. Alipomkabidhi kondakta mzigo, basi lilikuwa limeshawashwa.

Keshokutwa yake simu ikaita, wateja wanne wamesimama mbele yangu.

"Mzee, imeingia bila hata kugongwa nyundo! Pawatila iko shambani sasa hivi. Una jicho wewe!"

Sifa tamu jamani. Nilizionja kidogo, nikazitema.

"Jicho si langu, mama," nikasema kwa sauti, wote wanne wasikie. "Mimi nilishakufungia ya matundu sita. Aliyekuokoa ni binti yangu. Subiri nikupe fundi."

Akaipokea simu amesimama. Nikainuka, nikamsogezea kiti changu.