Wiki Kumi za Kupima Vipande

Mfumo mpya wa kompyuta ulionyesha kwamba ghalani kuna mabomba elfu sita na mia mbili ambayo hayapo. Zilibaki wiki tatu tuzime mfumo wa zamani. Thamani ya mali kwa upande wa ghala ilikuwa imezidi ile ya vitabu vya hesabu kwa milioni mia moja themanini na sita, na Ijumaa Meneja wa Fedha alitakiwa apeleke barua kwenye bodi, kuomba muda na fedha zaidi.

Mimi ndiye msimamizi wa ghala hilo. Wananiita Futi kwa sababu sitembei bila futi ya kupimia mfukoni. Shule niliiachia darasa la saba, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa.

Jumatano saa nne asubuhi Meneja aliniita ofisini kwake. Nilimkuta na mshauri kutoka kampuni iliyotuuzia mfumo. Huyo tunamwita Tai, maana hata kwenye joto la ghalani tai yake haivui. Kabla sijakaa alinigeuzia kompyuta.

"Mzee, mabomba ya inchi mbili. Hapa yapo hamsini na nane. Rafuni yako mangapi?"

"Manane."

"Hamsini yamekwenda wapi?"

Alivyouliza, nilijua anamtafuta mwizi. Meneja hakuninyanyulia macho. Barua ilikuwa mbele yake, na kalamu juu ya barua.

"Hayajaenda popote," nikasema. "Hizo hamsini si mabomba. Ni mita. Ni vipande."

Ikabidi niwaeleze. Bomba zima lina mita sita. Mteja akitaka mita mbili, tunamkatia, zinabaki nne. Mfumo wa zamani ulikuwa haukubali nne, unakubali bomba zima tu. Basi miaka kumi na miwili iliyopita nilifungua namba pacha kwa kila bomba: namba ileile, na tisa mbele. Namba ya kawaida inahesabu mabomba, yenye tisa inahesabu mita. Hakuna aliyenifundisha na hakuna aliyenikataza. Ghalani kila mtu anaijua, kama anavyojua choo kilipo.

Watu wa Tai walipokuwa wanasafisha data, waliona namba mbili zenye jina moja la bidhaa, wakasema imeingizwa mara mbili. Wakaziunganisha. Mita zangu zote zikawa mabomba mazima.

Tai akalegeza shingo. "Basi ni rahisi. Tunagawa kwa sita, leo jioni imekwisha."

"Gawa unavyotaka. Hizo mita zenyewe si za kweli. Kipande kikiwa chini ya nusu mita tunakitupa, na kukitoa kwenye kompyuta hatukitoi."

"Hamkitoi kwa nini?"

"Wewe ukitupa ganda la ndizi unamwandikia nani?"

Meneja akaweka mkono usoni. Halafu akauliza, taratibu, kati ya jozi elfu mbili na mia tatu za namba ambazo watu wa Tai waliziunganisha, ngapi ni za tisa. Nikamwambia kama mia tisa. Nyingine ni marudio kweli. Lakini kuzijua zipi ni zipi, lazima zipitiwe moja moja, na vipande vipimwe kwa mkono.

Alichukua karatasi akaanza kuandika huku anahesabu kwa sauti: kupima, kutenganisha namba, kupakia upya kwa majaribio, kulinganisha na vitabu mpaka zilingane. Na kuhamia mfumo mpya katikati ya mwezi hakufai, lazima iwe tarehe mosi. "Wiki kumi," akasema. Kisha akamwambia Tai, "Kaka, tuachie chumba kidogo."

Tulipobaki wawili alinisogezea barua. Aya ya pili ilisema: *Ghala lilithibitisha kwa saini kwamba namba hizo ni marudio.*

Ilikuwa kweli. Orodha ya namba za kuunganishwa watu wa Tai waliniletea siku ambayo malori mawili yalikuwa getini. Nilifunua kurasa nikasaini. Lakini nisijidanganye, hata bila malori ningesaini. Vichwa vya zile safu sikuvielewa, na niliona aibu kumwuliza kijana aliyeileta, mwenye kompyuta ya mapajani, ambaye angeweza kuwa mwanangu.

"Nikiiacha sentensi hii," Meneja akasema, "bodi itanipa muda. Watakuwa wamepata wa kumlaumu."

"Ambaye ni mimi."

"Ambaye ni wewe."

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na watoto wawili wako chuoni. Nilitaka kumwambia afute. Mdomo ulishafunguka. Kisha akaitoa ile orodha yenyewe, akaweka kidole chini ya saini yangu. Palikuwa na saini nyingine. Yake.

"Kabla ya kuidhinisha nilitakiwa nichukue japo namba thelathini, niende nazo rafuni nikaangalie. Sikwenda na hata moja. Tarehe ilikuwa inanibana." Alisema hivyo kama mtu anayesoma bei.

Sasa nikawa na maneno. "Mimi usinifute, mama. Andika nilisaini bila kuelewa. Lakini na kosa lako liandike. Na uandike kwamba vile vipande hakuna mwingine anayejua vilipo. Wakinifukuza, wiki kumi zitakuwa ishirini."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Kumbe unajua kupatana."

"Naishi na mafundi bomba."

Aliifuta aya ya pili mbele yangu. Mpya ilisema namba ziliunganishwa bila kukaguliwa ghalani. Kwamba ghala lilisaini bila kuelezwa orodha. Kwamba idhini ya mwisho ilikuwa yake na kosa la kutokagua ni lake. Chini akaomba wiki kumi na milioni sitini na nne, kila milioni na kazi yake.

Ijumaa niliitwa kwenye chumba cha bodi. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani kwenye paji la uso, alikuwa na barua mkononi.

"Wewe ndiye uliyesaini usichokielewa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kuuliza."

Mmoja akaguna. Mwenyekiti akamgeukia Meneja. "Na wewe, mama? Hukuelewa?"

"Nilielewa. Sikwenda kuangalia."

Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la koridoni karibu saa nzima. Aliniuliza watoto wangu wanasoma nini, nikamwambia.

Wiki kumi walizitoa zote. Kwenye milioni sitini na nne walitoa arobaini na nane: kumi na moja za kuendelea kulipia mfumo wa zamani, ishirini na saba za kina Tai, kumi za malipo ya saa za ziada ghalani. Kumi na sita za kuajiri makarani wa muda walizikata, kwa hiyo namba zile wahasibu wa Meneja walizipitia wenyewe, Jumamosi saba. Vitabu vilisema kuna mita elfu sita na mia mbili za vipande. Tulipima, tukapata elfu tatu mia tisa na arobaini. Zilizobaki zilifutwa, hasara ya milioni kumi na tatu na laki tano na sitini elfu. Meneja wa Fedha alinyang'anywa usimamizi wa mradi, ukapewa meneja wa uendeshaji, na bonasi ya mwaka hakupata. Mimi nilipata onyo moja la maandishi, na nyongeza ya mshahara ya mwaka ule sikuiona.