Gauni la Bega Moja Chini

Fundi alikuwa na gauni moja ambalo hakulishonea mteja. Lilining'inia nyuma ya mlango wa duka lake, na kila feni ilipogeuza uso upande ule, gauni lilivuta pumzi, likatulia, likavuta tena. Rangi yake ilikuwa ile ya anga kabla tu mvua haijaanza, wakati watu wanatoa vichwa nje na kuuliza kama waanue nguo.

Alilishona kidogo kidogo, katikati ya sare za wanafunzi na suruali za kubana kiuno. Leo mkono, wiki ijayo kola. Alipokuwa akipiga pindo, mawazo yalimchukua akajiona anatembea nalo mahali penye sakafu inayong'aa, watu wanampisha njia, na yeye anaitikia salamu kama mtu aliyezoea. Gauni likaisha. Siku ya kulivaa haikuja. Kila ilipojitokeza siku, aliitazama akaona haitoshi.

Na kulikuwa na jingine, ambalo hakumwambia mtu. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa kuinamia cherehani, na bega la kushoto lilishuka likakaa chini ya mwenzake. Alijua nguo inavyokaa kwenye mwili wa namna hiyo. Alijua pia watu wanavyotazama. Akiwaza kulivaa gauni lile barabarani, masikio yalimwaka moto.

Mke wa kaka yake, ambaye ndiye aliyeuendesha ukurasa wa duka mtandaoni, alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Siku hiyo aliingia, akasukuma mlango, gauni likampiga usoni.

"Wifi, hili gauni lako litaniua. Livae au liuze!"

"Siku yake haijafika."

"Haijafika? Imepotea njia hiyo. Ukurasa wetu umelala, watu wanaona suruali tu. Chagua moja: unalivaa Jumamosi, au naliweka mtandaoni sasa hivi."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Liweke," alisema, na moyo wake ukaruka kama umekanyagwa.

Wifi alilivisha sanamu la dirishani, akapiga picha, akaandika huku anasoma kwa sauti: "Gauni kali! Bei poa! Njoo tuongee."

"Kali? Limemng'ata nani? Na mtu atajuaje kama linamtosha? Hujaweka saizi, hujaweka bei. Atafunga safari bure, maskini ya Mungu. Lete simu niandike mwenyewe."

Alichukua futi ya kupimia, akalilaza gauni mezani, akaanza kupima. Na hapo, kipimo kimoja baada ya kingine, wazo lilimjia taratibu kama usingizi wa mchana. Akiandika ukweli wote, bila kuficha hata nusu inchi, nani atalitaka? Gauni lile lilikatwa kwa ajili ya mwili mmoja tu duniani. Litauzwa, na halitauzwa. Akatabasamu, akaandika:

*Gauni moja tu, jipya, halijavaliwa. Rangi ya wingu la mvua, kitambaa chepesi, lina bitana. Kifua inchi 40, kiuno 37, nyonga 47, urefu 43 kutoka begani. Bega la kushoto limekatwa chini nusu inchi, mgongo umeongezwa inchi moja kwa mwenye mgongo wa kuinama. Ndani hakuna akiba ya kupanua. Bei 4,500, haipungui. Kuagiza: tuma ujumbe hapa na vipimo vyako, au njoo ujaribu dukani. Wa kwanza kulipia ndiye mwenye gauni. Wa mbali tunatuma, nauli ni yako.*

Wifi alisoma, akamtazama, akasoma tena. "Hili ni tangazo au barua ya daktari?"

"Ni ukweli."

"Haya, mama ukweli." Akalirusha mtandaoni.

Kufikia asubuhi watu walikuwa wamelifurahia kwa namna yao. Sanamu lile lilikuwa na mabega sawa na mgongo ulionyooka kama ufagio, kwa hiyo gauni lilikaa juu yake limejikunja upande, pindo la nyuma limeshuka. Mmoja aliandika, "Gauni limelala upande au ni simu yangu?" Mwingine, "Fundi alikuwa anasinzia." Wa tatu, "Zuri, ila naona kama linaomba msamaha." Wifi alikuwa anafuta na kujibu huku anafoka. Fundi hakukasirika. Alishona sare zake kwa wepesi, akiimba puani wimbo usio na maneno, na mara mojamoja akilitazama gauni lake pale dirishani. Tutabaki wawili, mimi na wewe.

Mchana, wifi akiwa ametoka kwenda mjini kununua vifungo na kuiacha simu ya duka mezani, ujumbe uliingia.

*Shikamoo fundi. Nimesoma mara tatu, nikadhani kuna mtu amenipima nikiwa nimelala. Hivyo ni vipimo vyangu, mpaka cha bega. Sijawahi kuona nguo inayonitaja. Nikitoka kazini napita. Tafadhali usimpe mtu.*

Mguu wa Fundi uliachia pedali. Duka zima likawa kimya, kama limezama majini, na sauti za barabarani zikawa zinafika kutoka mbali. Akachukua simu. Akaandika, *Samahani, limeshauzwa.* Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Akasoma tena maneno ya yule mtu: *nguo inayonitaja*. Akafuta herufi moja moja mpaka pakawa peupe, akaandika, *Marahaba. Njoo.*

Alikuja jioni, jua likiwa limeingia hadi kwenye miguu ya meza. Alikuwa mwanamke wa makamo, na sare yake ilionyesha kuwa anasoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Alitua mkoba mzito kutoka bega la kushoto, na bega halikupanda ulipotoka. Lilibaki pale pale.

Walitazamana. Kila mmoja akaangalia bega la mwenzake, kisha wote wawili wakacheka, wakifunika midomo.

"Wewe umeinamishwa na cherehani," mgeni alisema.

"Na wewe?"

"Mkoba huu, na mashimo ya mita. Nimeinamia mashimo ya watu mpaka mgongo umesahau kurudi."

Fundi alilivua sanamu gauni, akamkabidhi. Mgeni hakulipokea. Alikuwa anakitazama kile kioo cha dukani, kidogo, kilichokuwa kinaonyesha uso na kifua tu.

"Fundi, nikuombe kitu. Livae wewe kwanza."

"Mimi? Nimeandika halijavaliwa!"

"Najua. Ila mimi kila nguo naiona kwa mbele. Kwa nyuma naambiwa na watu, na watu wananiambia vibaya. Wewe na mimi tuko sawa. Nivalie, nijione."

Fundi alitaka kukataa. Lakini mtu alikuwa ameomba kwa upole, na macho yake hayakuwa na mzaha. Akaingia nyuma ya pazia. Tangu lipigwe pindo, gauni lile lilikuwa halijamgusa mwilini. Lilishuka juu yake kama maji ya uvuguvugu, likapata bega, likapata mgongo, likakaa. Akatoka, akageuka, akasimama akiutazama ukuta. Alisubiri kicheko.

Mgeni akavuta kamasi kidogo.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndivyo tulivyo! Pindo limenyooka kama maji kwenye ndoo. Ee Mungu wangu. Haya geuka, dada, vua na mimi nivae, nawe ujione."

Wakabadilishana. Mgeni alipotoka nyuma ya pazia na kugeuka, Fundi aliona mgongo wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na kilichopinda. Palikuwa na mwanamke aliyesimama ndani ya wingu. Akamsogelea, akanyoosha mshono wa begani uliokuwa tayari umenyooka, kwa sababu tu mikono ilitaka kazi.

"Utalivaa siku gani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa hivi. Naenda kwa dada yangu kumrudishia sufuria."

"Sufuria?"

"Sufuria. Siku gani nyingine nitaingoja?"

Fundi alikaa kwenye kiti chake. Mgeni alimtazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuingia nyumba za watu na kuona mengi bila kuuliza, aliona.

"Hili lilikuwa lako," alisema taratibu. "Lilishonwa kwa mwili wako. Nilivue?"

Hapo Fundi angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa akiona vile mtu yule anavyosimama. Alipoingia alikuwa amejikusanya kama anayepita kwenye mlango mfupi, na sasa hakuna mlango. Kulivua gauni lile kutoka kwake kungekuwa kama kumwamsha mtoto.

"Lipia," alisema. "Umekuwa wa kwanza."

Mgeni alilipa kwa simu, hakuomba apunguziwe hata senti. Akakunja sare yake akaiweka kwenye mfuko. Mlangoni aligeuka. "Ukishona lako, niite. Kujipima mwenyewe mgongoni ni taabu. Nitasimama hapo, utajipimia kwangu."

"Usinidanganye."

"Kuanzia mwezi ujao mita za maji za mtaa huu ni zangu, fundi. Lazima nije."

Akatoka. Fundi alisimama kizingitini akilitazama gauni likienda, pindo likicheza nyuma ya miguu, na alihisi kifua kimekuwa wazi, kama chumba kilichotolewa kabati. Ilikuwa inauma. Hakujua kama ataweza kushona jingine. Mtu aliyekaa na ndoto miaka kisha akaitoa kwa mkono wake mwenyewe, anaanzia wapi?

Ndipo aliposikia ukelele. Wifi alikuwa anarudi na vifungo vyake, ametokea kwenye kona nyuma ya yule mwanamke, na hakuwa ameona uso.

"Wifi! Weee! Umelivaa!" Alikuwa anakimbia, kandambili zinapiga lami, mfuko wa vifungo umeinuliwa juu. "Jamani umependeza! Nilikwambia mimi! Umependeza mpaka basi!"

Akamkumbatia kwa nyuma. Yule mwanamke akageuka, na barabara nzima ikacheka, na wenyewe wawili wakacheka kuliko wote.

Wifi aliingia dukani akijipepea kwa kiganja. "Nimemkumbatia mtu wa watu! Aibu yangu! Lakini wifi, naapa, ni wewe mtupu. Nilifurahi mpaka machozi. Mbona unanitazama hivyo? Limeuzwa, ndiyo? Unalia?"

"Silii." Fundi alikuwa amesimama katikati ya duka na gauni lake la kila siku, vipande vya nyuzi vimemganda kifuani. Hakujificha nyuma ya meza. "Ulisemaje pale barabarani?"

"Si nimekwambia, nilidhani ni wewe..."

"Ulisemaje?"

Wifi alituliza mkono. Akamwangalia vizuri, juu hadi chini, kama mtu anayeanza kuelewa.

"Nilisema umependeza."

"Rudia," Fundi alisema.