Jiko Dogo kwa Shimo la Malimau

"Mia mbili arobaini, nimekwambia. Piga hesabu mwenyewe."

"Nimepiga. Hilo ni paa tu, kaka."

"Mita za mraba mia mbili arobaini."

"Za ujazo. Za mraba ni za kununulia nailoni ya kufunikia. Jiko linapasha hewa, bwana, halipashi nailoni."

Kaka yangu Nosir akautazama tena mchoro wake. Tulikuwa ukingoni mwa shimo la malimau la Mama, hapa bonde la Vakhsh, na masikio yangu yalishaanza kufa ganzi. Redio ilisema jua likizama tu tutafika nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Mlimau hauvumilii hata tano. Mama hana kingine, ni hii milimau.

Mchoro wa Nosir ulikuwa kwenye boksi la jiko. Pembetatu: upana mita 8, kimo mita 3. Paa lina urefu wa mita 20. Nusu ya nane mara tatu ni kumi na mbili, mara ishirini, mita za ujazo 240. Hesabu safi. Ila milimau yetu hupandwa ndani ya ardhi, isipigwe na baridi. Chini ya paa kuna shimo, 20 kwa 8, kina mita 2: mita za ujazo 320 nyingine. Ukiwa barabarani shimo hulioni, unaona paa, na Nosir alichora alichokiona. Jiko alilonunua linaweza 300. Sisi tunazo 560.

"Tulirudishe mjini," akasema.

"Kwa njia ipi? Theluji imefunga. Au utalibeba kichwani?"

Jua lilikuwa juu ya mipopla ya jirani, ile miti mirefu myembamba, na linashuka. Chini Mama alikuwa anashikashika majani, kama anayepima homa ya mtoto.

"Tunayo nailoni ya mwaka jana," nikasema. "Mita za mraba 160. Tuweke dari usawa wa ardhi, paa tuliache nje ya hesabu."

"Bado shimo ni 320."

"Tukate mita mbili za mwisho kwa pazia. Kumi na nane kwa nane kwa mbili: 288. Jiko linaweza. Dari 144, pazia 16. Nailoni inaisha hapo hapo."

Nosir akatazama ule mwisho. Mimi pia. Huku kwetu upande wa mlango ndipo bomba la moshi linapotokea, kwa hiyo huwezi kukata huku. Kule mwisho, kutakakobaki kwenye baridi, kuna milimau miwili, ya kwanza kabisa. Baba aliipanda kabla hajafa.

"Pazia linapita wapi?" Mama akauliza toka chini.

Nilitamani jiko ndilo limjibu.

Mama akaenda mpaka kwenye ile miwili, akachuma limau moja, akachora mstari udongoni kwa kisigino, upande wa huku, ile miwili ikabaki nje.

"Hapa," akasema. "Fanyeni haraka."

Akageuka, akapanda ngazi, akaenda zake bila kutazama nyuma.