Minazi Mitatu ya Kaviha

Siku tatu mfululizo Kahaso alivuka daraja la Nyali kwa miguu kwenda kortini, na siku zote tatu alikuwa na neno moja mdomoni: mwanangu alilazimishwa. Aliwaambia wauza samaki, akamwambia askari wa mlangoni, na kama kizingiti cha korti kingekuwa na masikio nacho angekieleza. Nani wa kumlaumu? Karisa alikuwa mwanawe wa pekee, na alishtakiwa kwa kuua. Adhabu ya kuua kwa kukusudia, mwaka ule wa 1947, ilikuwa moja tu: kitanzi.

Aliyekufa ni mzee Kitsao, jirani yao kule Kisauni, mtu wa watu asiye na makuu. Kaviha mgema alikuwa amefiwa na mtoto, akaapa kwamba Kitsao ndiye aliyemroga. Tangu siku hiyo mzee wa watu hakumfungulia Kaviha mlango. Lakini Karisa angefunguliwa, maana kijana alikulia katika ua wa Kitsao, akila vya huko kama vya kwao. Basi alasiri moja Kaviha akamjia Karisa na uta na mishale ya sumu, akampa panga, akamwambia ammalize Kitsao, la sivyo atamalizwa yeye. Jua lilipotua mzee alikuwa amelala mlangoni pake, amekatwa kwa panga lile, damu imemtapakaa. Kaviha akatoweka, hata siku ya kesi hakuna aliyejua amejichimbia wapi. Akabaki Karisa.

Wakili aliyewekwa na serikali, Mhindi mmoja mpole, alikaa na Kahaso ukumbini asubuhi ya siku ya tatu.

"Mama, woga peke yake hauondoi kosa," alisema. "Sheria inamsamehe mtu ikiwa mwenzake katika kosa alimtishia kumwua au kumjeruhi vibaya papo hapo, na kitisho kile kikamkalia tangu mwanzo hadi mwisho. Kitisho cha kesho hakisaidii. Na hata aliyetishiwa papo hapo, akiwa ameua, majaji humtazama kwa jicho kali sana."

"Mshale ulikuwa umemwelekea kifuani, baba. Niliuona kwa macho yangu."

"Basi sema uliyoyaona."

Laiti angalimuuliza yote aliyoyaona ni yapi! Lakini wakili hakuzaliwa Kisauni, na kazi ya mgema hakuijua; asali na tembo kwake ni mamoja.

Kahaso akaibusu Biblia, akapanda kizimbani. Alieleza vizuri, tarjumani akimfuata nyuma neno kwa neno. Alikuwa jikoni, akachungulia kwenye mwanya wa makuti. Akamwona Kaviha amevuta uta, akasikia kitisho. Mwendesha mashtaka akamuuliza mawili matatu, hakupata kitu. Wakili akapumua. Karisa naye, kati ya askari wawili, akainua uso kwa mara ya kwanza.

Jaji akawageukia wazee watatu wa baraza waliokaa pembeni kumshauri. Je, wana swali?

Mzee Mwarandu wa Changamwe alikuwa nalo. Yeye aligema tangu ndevu hazijaota mpaka magoti yalipomkatalia.

"Mamangu," alisema, "ilikuwa saa ngapi?"

"Alasiri, baba, jua linaelekea kutua."

"Na Kaviha ni mgema. Saa hiyo makarara, yale machipukizi ya maua ya mnazi, yanangoja kukatwa, na yasipokatwa kwa saa yake tembo linakauka. Siku hiyo aliiacha minazi yake?"

Jamani, swali jepesi lile, hata lisingemwamsha mtu usingizini! Kahaso aliliona kama neema. Hapa ndipo pa kuwaonyesha watu hawa woga wa mwanawe ulikuwa wa kiasi gani.

"Aiache? Thubutu! Alipanda mitatu iliyo mbele ya nyumba yetu, baba, mmoja baada ya mwingine, na kotama yake, kile kisu cha kugemea, na vibuyu vyake. Uta akauacha chini, umeegemea shina. Na mwanangu amesimama pale pale na panga, hapigi hata hatua! Mtu yuko juu ya mnazi, naye chini anatetemeka. Ndivyo alivyoogopa, mwanangu. Ndivyo alivyoogopa!"

Tarjumani akatafsiri. Alipomaliza, wakili alifumba macho. Mwendesha mashtaka akasimama taratibu.

"Kaviha alipokuwa juu ya mnazi wa tatu, nani alikuwa amemshika mwanao?"

Kahaso akamtazama Karisa.

"Hakuna," alisema.

Wakili alijitahidi, hilo tusimnyime. Alisema ilikuwa dharura, maisha ya mtu yalikuwa hatarini. Jaji alimjibu kwa upole kwamba nyumba ikiwaka moto mtu anaweza kuvunja ua wa jirani apite. Hawezi kumtupa mtoto wa jirani motoni ili wake apone. Wazee wawili wa baraza wakasema Karisa aachiliwe, kwani kila mtu Kisauni anamwogopa Kaviha. Mwarandu akasema kwamba Karisa ana hatia, lakini asinyongwe. Jaji akawashukuru wote watatu. Hakufungwa na maoni yao.

"Ninaamini kwamba uliogopa," alimwambia Karisa. "Lakini aliyekutishia alipanda juu, akaacha silaha chini, na njia ilikuwa wazi mbele yako. Ulichobaki nacho ni woga wa baadaye, na sheria haiukubali. Kitsao hakukukosea. Maisha yake hayakuwa yako kuyatoa ili uokoe yako."

Akahukumiwa kunyongwa. Kahaso hakulia pale. Alilia darajani, akajipiga kifua mbele za watu: "Nimemuua mwenyewe! Kwa mdomo wangu!"

Mwarandu alimkuta hapo, amejikokota kwa fimbo yake.

"Niliuliza nikidhani Kaviha hakupanda," alisema. "Wallahi, nilitaka useme hakupanda, ili wajue alimkalia Karisa muda wote, hata kazi yake akaiacha. Nisamehe, mamangu."

"Ungefanya nini wewe, ungekuwa Karisa?"

Mzee akatazama maji chini ya mbao. "Ningetaka kusema ningekimbia," alijibu.

Barua ya rehema ikaandikwa na wakili, na jaji naye akaandika kwamba woga wa kijana ulikuwa wa kweli. Miezi miwili Kahaso hakulala. Kisha Gavana akakibadili kitanzi kuwa kifungo cha maisha. Woga uliokataliwa kortini ukasikilizwa kwenye rehema. Kache, mjane wa Kitsao, aliposikia alisema tu, "Afadhali. Wangu hakupewa hata miezi miwili."

Kahaso alikwenda gerezani Ngomeni siku ya kwanza aliyoruhusiwa. Karisa alikuwa amekonda, mabega yametoka.

"Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu ndio uliokuponza."

"Ulisema kweli, mama." Akasogea karibu na dirisha. "Kaviha alipoanza mnazi wa kwanza, nikajiambia, akifika juu nakimbilia kwa mzee Kitsao nimwambie afunge mlango. Akafika juu. Nikasema, basi wa pili. Akapanda wa pili. Nikasema wa tatu. Kila usiku anapanda, mama, na kila usiku naiambia miguu yangu nenda."

Kahaso akashika chuma cha dirisha kwa mikono yote miwili. Mlango wa jikoni kwake ulifungukia upande wa nyumba ya Kitsao. Hatua hamsini hazifiki, na Kaviha hakujua hata kama yeye yumo jikoni; angeweza kutoka akamwonye mzee. Jambo hilo hakuulizwa na mwendesha mashtaka, wala jaji, wala Mwarandu.

"Nami nilikuwa nikihesabu, mwanangu," alisema. "Nami nilisema wa pili, nikasema wa tatu."